Waya Mbele ya Ukuta wa Balagizi

Mwavita hapendi kushindwa na picha. Akishindwa na mtu anacheka, akishindwa na mvua anakunja mwavuli na kutembea, lakini picha ikimshinda hali chakula. Najua kwa sababu tunagawana chumba kimoja cha studio pale Birere. Mimi, Kasoki, nakaa mbele karibu na mlango, napiga picha ndogo za karata za utambulisho na pasipoti. Yeye anakaa nyuma, mbele ya kompyuta, anasafisha picha za zamani: zilizopasuka, zilizolowa, zilizokaa chini ya godoro miaka mingi. Kazi yangu inakwisha mteja akiwa bado amesimama. Kazi yake inaweza kumkalisha hapo mpaka shingo ikakakamaa, na ukimwambia apumzike anakujibu kama umemtukania ukoo.

Siku moja aliingia Muzee Balagizi na binti yake Joviale. Muzee ni fundi wa kujenga kuta za mawe ya volkano. Nusu ya kuta nyeusi za Himbi zimepita mikononi mwake. Alitoa picha moja kutoka kwenye bahasha, akaiweka mezani polepole. Ilikuwa ya Jeanine, mkewe, aliyefariki Joviale akiwa bado mtoto wa mgongoni. Jeanine amesimama kule Kibati mbele ya ukuta wa nyumba yao, amejifunga kitenge kikubwa mpaka miguuni, anacheka. Tatizo ni kwamba jirani aliyempiga picha alikuwa barabarani, na kati yao kulikuwa na uzio wa waya, ule wa miraba miraba, na nguzo yake pembeni. Waya ulipita juu ya ukuta, juu ya kitenge, na mstari mmoja ulimkata kidevuni.

Joviale alikuwa anaolewa. Kwao, siku ya kutoa mahari, mama aliyefariki anawekewa kiti chake, picha inakaa juu ya kiti, na upande wa mume wanakuja kuweka kitenge cha mama, zawadi yake, hapo, mbele ya watu wote. Picha nyingine ya Jeanine hakuna. Zote zilikuwa ndani ya nyumba wakati lava ilipofika Kibati, na nyumba yenyewe sasa iko chini ya mwamba. Hii iliokoka kwa sababu ilikuwa kwa shangazi.

"Sitaiweka kwenye kiti namna hii," Joviale alisema. "Mama iko kama mufungwa. Bakwe bataona mama yangu ndani ya gereza? Afazali kiti ikae bure."

"Itatoka," Mwavita akamjibu. "Ile waya yote itatoka."

Muzee hakusema kuhusu waya. Aliweka kidole kwenye ukuta uliokuwa nyuma ya mkewe. "Na hii kibambazi unichungie, mutoto yangu. Njo nyumba yangu ya kwanza, ndiyo hii. Haiko tena fasi yoyote."

Mwavita aliichanganua picha kwa skana, akaikuza kwenye kioo cha kompyuta, akaanza. Uso aliumaliza vizuri, kwa brashi ndogo, akichukua ngozi ya pembeni kidogo kidogo. Kitenge pia kilikubali. Kisha akafika kwenye ukuta, na hapo haraka ikamponza. Chombo chake kinafanya hivi: unachagua mahali safi, halafu unapaka mahali pabaya, na kile kisafi kinajinakili pale. Ndani ya mraba mmoja wa waya aliona jiwe zuri, lisilo na doa. Akalichukua hilo, akafunika waya wa kwanza. Akashuka, akafunika wa pili. Akashuka tena. Waya ukawa unayeyuka, na yeye akaanza kuimba. Mimi nikimsikia anaimba huwa naanza kuogopa.

Muzee aliporudi kuona, alivaa miwani, akainama. Kisha akagusa kioo hapa, na pale, na pale chini.

"Hii jiwe nilijenga mara moja," alisema. "Hii yenye kovu. Nilipiga nyundo vibaya, ikapasuka kidogo. Namna gani iko mingi?"

Mimi nilisogea nikatazama. Alipoonyesha, sikuweza tena kutoona. Jiwe lile lenye kovu lilikuwa limepangwa ukutani kama vigae vya bafuni, kwa nafasi sawasawa. Na ubaya wenyewe ni huu: uzio una mistari inayolingana, na Mwavita alikuwa ameufuata mstari kwa mstari, akinakili kutoka umbali ule ule. Kwa hiyo nakala zilikaa palepale waya ulipokuwa. Ukirudi nyuma hatua chache, ule uzio ulikuwa bado upo, umechorwa kwa mawe. Mufungwa alikuwa bado gerezani.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Uso ulimshuka. Lakini hakujitetea. Alifuta mbele ya macho ya muzee tabaka lote la ukuta, lile lililolala juu ya picha kama karatasi angavu, na picha ya asili ikabaki na waya wake wote.

"Tuko na programu ya kujaza yenyewe," nikamwambia baada ya muzee kuondoka. "Bonyeza, tulale."

Alibonyeza ili kuninyamazisha. Ukuta ukajaa, laini, wenye mawe mazuri ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyapanga. Alitazama akasonya. "Muzee ataniuliza hii ni kibambazi ya nani. Nitajibu nini?"

Shida yake ilikuwa kwamba mawe safi ndani ya picha yalikuwa machache mno. Kila jiwe lilikatwa na waya mahali fulani. Ukizungusha yale machache, lazima yajirudie. Alihitaji mawe mengine, ya mkono ule ule, yenye viungo vya saruji vya fundi yule yule. Aliamka asubuhi akampigia muzee simu. "Papa, kuta zako za Himbi bado zimesimama?"

Alinikokota na mimi, na kamera yangu. Kulikuwa na mawingu, na alifurahi kwa sababu picha ya Jeanine nayo ilipigwa siku ya mawingu, kivuli hafifu kikikaa chini ya kila jiwe. Muzee alitupeleka kwenye ukuta mrefu wa ofisi fulani. Mwavita akanipanga: nisimame sawa na ukuta, nisiinamishe kamera, niende mbali kama yule jirani wa Kibati. Nilikuwa nimepiga mara chache tu, mlinzi akatoka getini amekasirika.

"Munapiga picha ya kibambazi kwa nini? Nani amebatuma?"

Katika mji wetu swali hilo si la mchezo. Mimi tayari nilikuwa naificha kamera ndani ya kitenge. Mwavita alisimama tu, mikono kiunoni, kama yeye ndiye mwenye ofisi.

"Tunapiga mawe, papa. Watu hawatokei. Uliza huyu muzee, njo alijenga."

Mlinzi akamgeukia muzee. Balagizi alienda kwenye kona, akainama, akapangusa vumbi chini kabisa ya ukuta. Kulikuwa na herufi zake mbili ndani ya saruji, ndogo kama kucha. Mlinzi alizitazama, akamtazama muzee, akatuambia tufanye upesi kabla mkubwa hajafika.

Kuanzia hapo Mwavita alifanya kazi kama mtu anayejenga kweli. Kila jiwe alilichukua mahali tofauti. Alilikata kwa kufuata saruji, si katikati ya jiwe, ili mshono ujifiche kwenye kiungo. Lingine alilizungusha kidogo, lingine akalipunguza. Jiwe moja aliligeuza juu chini, na muzee, ambaye sasa alikuwa anakuja na kiti chake, akasema papo hapo, "Hii jua inatokea chini?" Kivuli kilikuwa kimehamia juu ya jiwe. Akalirudisha. Mawe ya kamera yangu yalikuwa makali kuliko ya picha ya zamani, kwa hiyo aliyalainisha kidogo, akayatia chembechembe kama za karatasi ile, mpaka yakazeeka.

Na alipokuwa akimaliza sehemu, hakuimba. Aliipunguza picha ikawa ndogo kama stempu, akatazama. Akaigeuza kushoto kulia, akatazama. Akaiondolea rangi na kuongeza weusi na weupe mpaka ikawa mbaya, akitafuta mapacha. Akiona mawe mawili yanafanana, moja linaondoka. Umeme ulipokatika alikaa gizani akisubiri, amekunja mikono, wala hakwenda nyumbani.

Muzee alipoutazama ukuta wote, alipitisha kidole juu ya kioo, jiwe kwa jiwe, bila kusimama popote. "Njo yangu," alisema. Mwavita aligeuka akajifanya anatafuta kitambaa cha kufuta kioo.

Kilibaki kitu kimoja tu, ambacho alikuwa amekikwepa tangu mwanzo. Mkono wa kulia wa Jeanine ulikuwa umeshika waya, vidole vimekunjwa. Waya sasa haupo, na mkono ulikuwa umeshika hewa. Mwavita alijaribu kuvinyoosha vile vidole, vikawa vya mtu mwingine. Joviale alipokuja kuchukua picha, alifurahi mpaka akapiga makofi, kisha akaona.

"Mama anashika nini pale?"

"Waya," Mwavita alisema. "Mkono ule umenikatalia. Sikutaka kuubuni."

Joviale alinuna. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia magotini.

"Alikuwa anajiegemeza," muzee alisema. "Miguu ilimuvimba. Nikamwambia, Jeanine, ikala chini basi. Akakatala. Akasema anataka asimame mbele ya kibambazi yetu, banamupiga foto na mutoto."

"Mutoto gani?" Joviale akauliza.

"Weye. Ulikuwa ndani ya ile kitenge, mwezi ya mwisho. Na ulikuwa muzito, mama yangu!"

Joviale aliisogelea kompyuta mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Alitazama kitenge kile kikubwa muda mrefu, akajishika tumbo lake mwenyewe.

"Rudisha waya," alisema.

Nilidhani Mwavita atapasuka. Kazi yote ile!

"Yote?"

"Ile moja. Ile anashika."

Mwavita alivuta kiti. Picha ya asili ilikuwa bado chini ya matabaka yake, haijaguswa. Alifuta juu yake polepole, njia nyembamba, kutoka nguzo ya pembeni hadi kwenye vidole, na waya wa Kibati ukarudi, mmoja tu, pamoja na nguzo yake. Mkono ukashiba. Nyuma yake mawe yalikaa kimya, kila moja peke yake.

Siku ya mahari nilikuwepo, kwa ajili ya kupiga picha. Shangazi mmoja wa bwana harusi alikunja kitenge cha mama juu ya kiti, akainama karibu na picha, akauliza kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia, "Na hii waya, studio ilishindwa kuitoa?"

Nilimtazama Mwavita. Alikuwa amefungua mdomo tayari kwa vita, lakini Joviale alimtangulia.

"Hapana, mama," alimjibu yule shangazi. "Haimushiki. Ni yeye anaishika."