Mtoto Asiyekua Masika

Nyumbani kwetu Levolosi, fremu ya mlango wa chumba cha watoto haijapakwa rangi upande mmoja. Hapo ndipo nilipokuwa nikimpima binti yangu mara mbili kwa mwaka: Juni shule zinapofunga, na Desemba siku moja kabla ya safari ya kwenda kwa bibi yake Moshi. Anasimama visigino ukutani, naweka daftari gumu juu ya kichwa chake, napiga mstari wa penseli. Sheria ilikuwa moja tu: asitikisike, asiongee.

Mimi ni mtunza stoo wa kampuni ya watalii. Kazini naagiza blanketi na vyakula vya makopo miezi mitatu kabla ya msimu, na sijawahi kuishiwa. Nilidhani mtoto anaweza kupangwa vivyo hivyo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la jikoni niliandika mwaka mzima: Januari viatu na sare, Juni sweta, Desemba nguo za Krismasi. Mbele ya kila kitu niliandika kitadumu hadi lini.

Mpango huo ulisimama juu ya ugunduzi wangu. Miaka miwili mfululizo, mstari wa Juni uliangukia palepale ulipokuwa wa Desemba. Halafu Desemba iliyofuata unaruka vidole vitatu kwa mkupuo. Nikahitimisha kwamba binti yangu hakui kuanzia Januari hadi masika yanapokwisha, anakusanya nguvu, kisha anakua miezi ya mwisho. Nilimweleza jirani yangu, naye akaona inaingia akilini.

"Hata wa dada yangu yuko hivyo hivyo," alisema. "Mvua zikianza analala tu."

Kwa hiyo kila Januari nilinunua viatu vyenye nafasi ya kidole gumba mbele, nikiamini nafasi hiyo itakaa bila kuguswa hadi Julai. Sokoni Kilombero nilikwenda peke yangu na kijiti. Nilikuwa nimekikata kwa urefu wa mguu wake pamoja na ile nafasi. Kijiti kikilala ndani ya kiatu bila kupinda, nanunua. Miaka miwili mbinu hiyo haikuniangusha.

Mwaka wa tatu binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mstari wa Juni ulizidi ule wa Desemba kwa sentimita moja tu. Niliandika kwenye daftari: *viatu, hadi Desemba*, nikaendelea na mambo mengine.

Julai shule zilipofunguliwa, mwalimu wa michezo alinisimamisha getini. Binti alikuwa mkimbiaji wao wa mita mia mbili, na mwezi wa nane kulikuwa na mashindano na shule jirani.

"Mama, amesema ameacha kukimbia. Kuna tatizo nyumbani?"

Nilisema hakuna. Njiani nilikasirika. Jioni nilimuuliza, akajibu kwamba amechoka tu. Nikamwambia uvivu haujawahi kuwa ugonjwa. Hakubisha, na yeye ni mtoto wa kubisha. Hilo nililiona, lakini sikulifuatilia.

Jumamosi yake soli ya kiatu kimoja ilianza kuachia. Nikampeleka kwa fundi viatu anayekaa karibu na kona ya mtaa wetu, mzee wa Kimeru mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Binti alibaki na kandambili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Leta tuone."

Hakuitazama soli. Aliingiza vidole ndani ya kiatu, akavuta kitambaa cha ndani, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na mashimo matano, yamesogeana mbele kabisa kama vidole vilivyokunjwa ngumi.

"Hiki hakikuharibika," alisema. "Kimesukumwa. Mjukuu wangu, hebu lete mguu."

Binti alirudi nyuma hatua moja. Nikamshika bega, akautoa mguu polepole. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi.

"Hawezi kuwa amekua," nilimwambia fundi. Leo nikikumbuka naona aibu. "Huyu hakui masika. Nampima."

Mzee alicheka hadi akavua miwani.

"Mama, mahindi yanakua masika, migomba inakua masika, wa kwako amegoma? Sikiliza. Mtoto wa umri huu, mguu unatangulia. Urefu unakuja nyuma yake. Ukiona viatu vinabana kabla ya wakati, jiandae na sketi."

Nilimgeukia binti. "Mbona hukuniambia?"

Alikuwa anaangalia kandambili zake. "Kwenye daftari umeandika hadi Desemba."

"Sasa?"

"Nikajua miguu yangu ndiyo imekosea."

Fundi akajifanya anatafuta gundi. Nilifikiria zile asubuhi zote nilizomhimiza afunge kamba vizuri.

Tulirudi nyumbani, nikamsimamisha kwenye fremu tena, nikitaka kujua mstari ulinidanganyaje. Nikauliza kwa sauti, kama naongea na mbao, inakuwaje mtoto asimame palepale miezi sita.

"Lakini mama, Desemba huwa unanipima nikiwa nimesuka."

Niligeuka. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kama cha kila msichana shuleni kwao. Nikakumbuka: mwisho wa mwaka anafuga kidogo, na kabla ya safari msusi anambananishia mabutu mawili, mafundo ya nywele ya utosini, na rasta juu yake, ili bibi amwone amependeza. Daftari langu gumu lilikuwa linakaa juu ya mabutu. Nikashika rula, nikapima juu ya utosi wake vidole viwili vya hewa, kimo cha mabutu nilivyoyakumbuka. Sentimita tatu. Kila Desemba nilimwongezea sentimita tatu, na kila Juni nikamnyang'anya. Mtoto alikuwa anakua mwaka mzima.

"Ulijua siku zote?"

"Ulisema nisiongee."

Alicheka yeye kwanza. Mimi ilinichukua muda.

Mchana ule ule, miguu ikiwa imeshatanuka kidogo kwa kutembea, kama ya mtu yeyote inavyotanuka kufikia mchana, nilimsimamisha kwenye kipande cha boksi akiwa na soksi, nikachora miguu yote miwili. Wa kushoto ulikuwa mrefu kidogo; mchoro wake ndio tuliokwenda nao Kilombero, na safari hii mwenye mguu alikuja pia. Tulipata viatu vya shule na raba za buluu zilizokwisha kisigino kidogo. Alizijaribu kwa kukimbia kati ya meza za mitumba hadi muuzaji akapiga kelele, "We mtoto, bado hazijalipiwa hizo!"

Sketi nilishusha pindo. Mikono ya sweta aliyokuwa ameikunja tuliikunjua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba karibu kila nguo ya mtoto inakusamehe ukikosea, ina mahali pa kufumulia. Kiatu hakina. Sasa boksi linachorwa kila mwisho wa mwezi, na kwenye daftari sijaandika tena neno *hadi*. Naandika *tazama*.

Ukucha ulichukua muda kupona. Mwezi wa nane alikimbia akiwa ameufunga plasta, akawa wa nne, akanilaumu kwa wiki tatu za mazoezi alizozikosa. Alikuwa na haki.

Desemba nilikuwa jikoni nikifunga mizigo ya Moshi. Msusi alikuwa ameshafika, yuko uani na kitana na pakiti ya rasta. Binti aliingia kichwa wazi, amevua viatu, penseli mkononi. Akaenda mwenyewe kwenye fremu, akabana visigino ukutani.

"Nipime kwanza," alisema, "ndipo nikasuke."

Nikamwambia aongee akitaka. Aliongea muda wote, na mstari ukatoka umepinda.