Watu Tisa wa Benon

Athanasie alirudi kazini Jumatatu akitokea Huye, alikokuwa akimuuguza dada yake kwa majuma mawili, akakuta watu tisa asiowajua ndani ya kiwanda chake. Wawili walikuwa wamesimama karibu na mashine za kufulia, mikono mfukoni. Watatu walikuwa wakikunja taulo zilizokwisha kukunjwa. Kwenye meza yake, nyuma ya kioo, alikaa kijana mwenye shati jeupe akichezea simu.

"Habari za asubuhi, mama," kijana akamwambia. "Tukusaidie nini?"

Athanasie alitoka nje akampigia Benon, mshirika wake, akamwambia aje kiwandani Gikondo sasa hivi, si mchana.

Wafanyakazi walimwita Athanasie Mama Ingrid. Alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na akikasirika alikuwa anaacha Kinyarwanda, anaacha Kifaransa, anabaki na Kiswahili cha Buyenzi, kikali na cha haraka. Alianza kwa kufua mashuka ya nyumba mbili za wageni uani kwake Kicukiro, kwa mikono. Baadaye akakutana na Benon, mtu wa biashara aliyekulia Kampala, ambaye alitoa fedha za mashine wakagawana umiliki nusu kwa nusu. Sasa walikuwa wanafulia hoteli saba. Walikuwa na watu kumi na mmoja na gari moja, pamoja na mashine ya rola inayopiga pasi shuka zima kwa mkupuo mmoja.

Rola ile ndiyo iliyokuwa roho ya kiwanda, na pia ndiyo iliyokuwa kizuizi. Mashine za kufulia zingeweza kufua zaidi, lakini kila shuka lazima lipite kwenye rola, na rola haiongezi mwendo eti kwa sababu umeleta watu wengi kuisimamia. Mtu mmoja anaiendesha, wawili wanalisha na kukunja. Ukitaka mashuka mengi zaidi, unaweka zamu ya pili: watu watatu wengine, kuanzia saa nane mchana. Huo ndio ulikuwa mpango wa Athanasie tangu mwanzo wa mwaka. Watatu tu. Na alikuwa amejiwekea sharti: saa za ziada zikifikia mshahara wa watu watatu kwa majuma manne mfululizo, na kazi iliyokwisha kusainiwa ikatosha kuwalipa kwa miezi mitatu pamoja na michango ya mwajiri, hapo ndipo ataajiri. Kabla ya hapo, hapana.

Benon alifika akitabasamu, amebeba vikombe viwili vya chai ya maziwa.

"Tumepata ile hoteli kubwa ya Kimihurura," alisema kabla hajaketi. "Nimesaini wewe ukiwa Huye. Vyumba mia na ishirini, Athanasie!"

"Inafungua lini?"

"Mwezi wa nane."

"Leo ni mwezi wa sita, Benon. Hawa watu watakunja nini? Watakunja mawingu?"

"Watajifunza. Hoteli ikifungua tutakuwa tayari. Unataka tuanze kutafuta watu siku ambayo mashuka yameshafika mlangoni?"

"Kujifunza kwa rola ni majuma mawili, si miezi miwili! Na umeajiri dereva. Dereva wa gari gani? Tuna gari moja na lina dereva."

"Tutanunua la pili."

"Na huyo aliyekalia kiti changu?"

Benon akashusha chai mezani. "Huyo ni Ntare, mtoto wa dada yangu. Amesoma masoko. Ni meneja wa masoko."

"Unampa ngapi?"

Alipotaja, Athanasie alisimama. Ilikuwa zaidi ya mishahara ya watu watatu wa rola ikijumlishwa.

"Hoteli saba hizi nilizitafuta kwa miguu yangu," alisema. "Hakuna meneja wa masoko aliyenipeleka. Na rola imejaa, Benon, imejaa! Huyu akituletea hoteli nyingine kesho, tutaifulia wapi? Tumboni mwake?"

"Wewe una tatizo la kungoja," Benon akamjibu, naye sasa sauti ikipanda. "Kila kitu tungoje, tungoje. Tangu mwezi wa pili watu wako wanabaki hapa mpaka saa nne usiku. Mimi nimefanya kile ambacho wewe umeogopa kukifanya."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli uliotoka mdomoni mwa Benon ulimkasirisha kuliko uongo. Sharti lake lilikuwa limetimia mwezi wa nne. Majuma manne yalipita, kisha sita, na kila mara alisema mikutano ya kimataifa inayojaza hoteli itaisha, wageni watapungua, atabaki na watu wa kulipa bila kazi. Aliendelea kulipa saa za ziada na kuwaambia watu wake wavumilie.

Kuwafukuza wale tisa siku ile hakuweza. Walikuwa na mikataba ya miezi sita yenye sharti la notisi, iliyosainiwa na mkurugenzi mwenzake. Aliwagawia kazi alivyoweza, akawa anatembea kiwandani amefunga mdomo, na watu walimpisha njia.

Siku ya nne, Nzeyimana akaja ofisini. Ndiye aliyeendesha rola tangu iliposimikwa, Mrundi wa makamo, mtu wa maneno machache. Hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Mama Ingrid, yule kijana ninayemfundisha rola, unajua analipwa ngapi?"

Athanasie alijua. Alikuwa ameiona mikataba.

"Analipwa laki moja na sitini," Nzeyimana akasema. "Mimi laki na thelathini. Jana ameniuliza moto wa rola unapunguzwa wapi. Nimemwonyesha. Halafu ameniambia mshahara wake, hakuwa na ubaya, alidhani mimi nalipwa zaidi."

"Nzeyimana, si mimi niliyepanga ile mishahara."

"Najua. Uliopanga wewe ndio huu wangu. Mwaka jana nilikuomba nyongeza, ukasema tungoje. Mwezi wa tatu nikakuomba, ukasema tungoje zamu ya pili. Nimekaa hapa mpaka usiku, mke wangu kule nyumbani Masaka ananiuliza kama nina nyumba nyingine. Pesa ya kuniongeza ilikuwa haipo. Ya wageni imetoka wapi?"

"Nitarekebisha. Mwezi huu huu. Nitakupa kuliko yeye."

"Leo? Kwa sababu nimeona?" Akatikisa kichwa. "Kuna wenye kiwanda huko Kanombe wamenitaka. Ninaenda. Barua ya notisi nitaleta kesho."

Akageuka. Athanasie alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza juma lile hasira yake ilikosa pa kwenda, maana nusu ilikuwa juu ya Benon na nusu juu yake mwenyewe.

Nzeyimana alimaliza siku za notisi akaondoka. Kijana wa laki na sitini alibaki na rola peke yake, na katika juma la kwanza aliunguza mashuka ya hoteli moja ya Kicukiro, ambayo yalilazimika kununuliwa mapya. Kisha ukaja ujumbe kutoka hoteli kubwa: lifti hazijafika, ufunguzi umesogezwa hadi mwezi wa kumi. Na mkataba, Athanasie alipousoma vizuri, ulisema wangelipwa siku arobaini na tano baada ya ankara. Yaani fedha ya kwanza ya ile hoteli ingeingia mwishoni mwa mwaka. Mishahara ya tisa ilikuwa inatoka sasa, pamoja na kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii.

Alimwita Benon. Safari hii hakupiga kelele, na Benon aliogopa zaidi.

"Akaunti italipa mishahara ya mwezi huu wote, na ya mwezi ujao nusu," alisema. "Baada ya hapo, hata watu wangu wa zamani hawatalipwa. Kwa hiyo tunaamua leo. Dereva, anaondoka. Wakunjaji wawili, wanaondoka. Wa mapokezi, anaondoka, hatuna mapokezi. Ntare, anaondoka."

"Ntare? Nitamwambia nini dada yangu?"

"Hilo ni la kwako."

"Na wale wanne wanaobaki?"

"Kijana wa rola, pamoja na Belyse na mwenzake uliowaajiri kulisha na kukunja, wanaanzisha zamu ya pili, ambayo ilitakiwa kuwapo tangu mwezi wa nne. Huyo wa nne anajaza pengo la Nzeyimana. Mukunde wetu wa zamani, aliyekuwa anamlishia Nzeyimana, anapanda kuendesha rola ya asubuhi, na huyo wa nne anamlishia. Na kila anayeendesha rola analipwa sawa, wa zamani na mgeni. Sitashusha wa kijana. Nitapandisha wa Mukunde."

"Sawa," Benon akasema chini chini. "Basi waambie."

"Mimi?" Hapo sauti ikapanda, na walio nje waliisikia kupitia kioo. "Wewe uliwaita, wewe utawaambia! Uliwaambia kazi iko, waache walipokuwa. Yule dereva aliacha kazi kwenye ghala kwa ajili ya gari ambalo hujalinunua! Utasimama mbele yao, utawaambia kosa ni la nani, na kila mmoja atapata mwezi wake mzima na siku zake kumi na tano za notisi, na cheti kinachosema hakufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Nusu ya gharama hiyo inatoka kwenye gawio lako. Nusu nyingine kwenye langu, kwa sababu nilingoja mno."

Benon aliwaambia mchana ule, uani, karibu na kamba za kuanikia. Aliongea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akachanganya na Kinyarwanda, akajikwaa. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Watoto wangu nitawaambia lifti haijafika?" Ntare hakungoja kikao kiishe, alichukua begi lake akapanda moto, teksi ya pikipiki, bila kumuaga mjomba wake. Mama yake hakumpokelea Benon simu mpaka Krismasi.

Athanasie alisimama mlangoni wakati wote ule. Hakufurahi. Alimtazama dereva akivua aproni ambayo hakuwa na haja nayo tangu mwanzo, akiikunja vizuri, naye akashindwa kumpa mkono.

Jumapili baada ya Misa alikwenda Masaka kumtafuta Nzeyimana. Alimkuta akipalilia maharage kando ya nyumba. Alimwambia mshahara mpya wa rola na kwamba zamu ya pili imeanza, hakuna tena kukaa mpaka usiku.

"Ni vizuri," Nzeyimana akasema, jembe mkononi. "Ungefanya hivyo mwezi wa nne ningekuwa huko mpaka leo."

"Kwa hiyo hurudi?"

"Sirudi, Mama Ingrid. Kule nimeshasaini."

Mkewe aliwaletea chai. Waliinywa wakizungumza habari za Buyenzi, ambako wote wawili waliishi zamani, na kila aliyekumbuka jina la njia alimsaidia mwenzake.

Hoteli kubwa ilifungua mwezi wa kumi, na mashuka yake yakaanza kuja kwa magunia. Mwezi wa kumi na moja saa za ziada za zamu ya pili zilifikia mshahara wa mtu mmoja kwa majuma manne mfululizo. Benon aliuliza kwa tahadhari kama wangojee waone Januari.

"Hapana," Athanasie akasema, na alisema kwa ukali kana kwamba Benon ndiye aliyemzuia zamani. "Jumatatu anaingia mtu mmoja. Mmoja, Benon. Na kabla sijamtafuta, watu wangu wa sasa wataambiwa atalipwa ngapi."