Nyongeza ya Nywele Nyingi

Mteja akinipigia kuuliza rasta za kiuno, nywele bandia za pakiti zinazosukwa hadi kiunoni, ni bei gani, simjibu papo hapo. Namwambia azifumue nywele zake, azikusanye zote kisogoni kwa mkono mmoja, kisha aniambie kidole gumba kimekutana na kidole kipi. Wengine hucheka. Wengine hukasirika na kukata simu, wakaenda kule wanakotajiwa bei moja kwa vichwa vyote. Waende tu. Sijawahi kumuuliza mtu kama nywele zake ni nyingi, kwa sababu jibu lake nalijua, na nalichukia.

Kwetu Ufipa mama hasifii kilicho kizuri kwa mwanawe mbele ya mtu asiyemjua. Ukimuuliza habari ya mtoto aliyenawiri atakwambia yupo yupo tu. Anaogopa macho ya watu, na anaogopa kuonekana anajivuna. Mama yangu alikuwa hivyo kupita wenzake. Nywele zangu zilikuwa zinavunja vitana, na kila Jumamosi alinisuka kwa uzi hadi mikono inamuuma, lakini jirani akianza kuzisifia tu, mama alinivutia kitambaa kichwani na kubadilisha mazungumzo.

Wakati huo baba alikuwa anaumwa kifua, ila alikuwa amepata nafuu, anakaa nje juani na kututania. Wiki ile wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kijijini kwetu Mwimbi kujitambulisha. Baba akasema safari hii sisukwi uzi. Nisukwe mjini, saluni, kama mabinti wa watu wengine. Alitoa hela ya mahindi akampa mama mkononi, na alivyofurahi ungedhani ni yeye anayeolewa.

Mama akapiga simu Sumbawanga, kwenye saluni alikosukwa binamu yangu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nasikia kila kitu.

"Rasta za kiuno elfu thelathini, mama. Rasta tunazo humu humu, zimo kwenye bei," alisema mwenye saluni. "Nywele zake nyingi?"

Mama alinitazama, akageuza uso.

"Za kawaida tu, mwanangu."

"Basi mlete."

Tulipofika, msusi alinifungua kitambaa akaguna. Akamwita mwenzake, wakazishika shika nywele, wakanong'onezana. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Wangesema, "Mama, hizi si za kawaida, bei itaongezeka kiasi hiki," tungechagua rasta nene zinazokula pakiti chache, au za mabegani, au tungeaga tukarudi nyumbani na hela yetu. Hawakusema. Walinigawa njia katikati ya kichwa wakaanza, mmoja kushoto, mwingine kulia, pakiti moja ikiisha wanafungua nyingine. Mama alikaa kwenye benchi na kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, kila mara anampigia kaka aliyebaki nyumbani kuuliza kama baba amekunywa uji. Amekunywa, mama. Amelala, mama.

Jua lilikuwa limeshainama walipochovya ncha kwenye maji ya moto. Ndipo mwenye saluni akaja.

"Mama, kuna nyongeza ya elfu ishirini. Nywele ni nyingi, pakiti zimezidi, na wamekaa wasusi wawili."

"Mwanangu, si ulisema thelathini?"

"Kwa nywele za kawaida, mama. Nilikuuliza."

Leo kazi hii naifanya mwenyewe, na ninaweza kusema kitu kinachoniuma kuliko vyote: hesabu ya yule dada mwenye saluni haikuwa ya uongo. Pakiti zilizidi kweli. Wasusi wawili walishinda kichwani pangu kweli, na nao walitakiwa kula. Alichotuibia ni nafasi ya kukataa. Ukimwambia mtu bei wakati kichwa chake kimeshasukwa, hujamwambia bei, umemfunga kamba.

Baada ya kulipa zile thelathini mama alibaki na nauli tu. Akaweka kitochi mezani. Mwenye saluni akakizima, akakitia kwenye droo, akasema tukileta hicho kiasi tutachukua simu yetu. Hakuwa na ukali wowote. Aliniambia hata nimependeza.

Stendi tulikuta gari la mwisho la Mwimbi limeondoka. Tukalala kwa ndugu mmoja wa mama, ambaye alitupokea vizuri na kutupa simu yake tupige nyumbani. Tupige namba gani? Namba ya kaka ilikuwa ndani ya kitochi, na kitochi kilikuwa kwenye droo. Mama alijaribu kuikumbuka, akapata mwanzo wake, akapotea. Akasema basi, baba si ameshakunywa uji, tutamkuta asubuhi.

Tulimkuta amefunikwa shuka. Hali ilimbadilikia jioni ile ile. Kaka alipiga simu, akapiga tena, anaambiwa haipatikani. Baba alikuwa akimuuliza mke wake yuko wapi, na kaka akawa anamjibu yuko njiani, kwa sababu hakuwa na jibu lingine. Waliishi pamoja tangu ujana wao, wakalima pamoja, wakazika watoto wawili pamoja. Siku ya kuagana mama hakuwepo, na hakuwepo kwa ajili ya kichwa changu.

Niliingia kwenye msiba na rasta mpya zinazonifika kiunoni, zinang'aa. Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza kunitazama. Shangazi alinitupia khanga kichwani. Niliipenda mno ile khanga, maana ilinificha. Kabla ya mazishi nilizunguka nyuma ya jiko nikazikata rasta zote kwa mkasi wa kushonea, pamoja na nywele zangu, ovyo ovyo, na sikulia nilipokuwa nazikata. Nililia nilipoona mama ananiokotea.

Baada ya msiba mama alirudi mjini na zile elfu ishirini. Alilipa, akachukua kitochi, akamwomba yule dada radhi kwa kuwa alimwambia kwamba nywele zangu ni za kawaida. Alimwomba radhi! Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilitaka kuvunja kioo.

Saluni yangu sasa iko mjini hapa hapa, fremu moja ya duka yenye viti viwili. Ukutani nimeandika bei ya msuko kwa urefu: mabega, mgongo, kiuno. Chini yake nimeandika nyongeza ya ujazo, peke yake, kwa sababu nywele fupi nazo zinaweza kuwa msitu. Gumba likigusa kidole cha kati, hakuna nyongeza. Likiishia kwenye cha shahada, unaongeza pakiti moja na saa zake. Lisipogusa kitu, unaongeza mbili. Nataja jumla, nataja na msuko wa bei nafuu zaidi, mteja akikubali ndipo anatuma kianzio. Akifika nikakuta nilikosea, hasara ni yangu. Jirani yangu ameandika bei moja kubwa kwa rangi nyekundu, na benchi lake limejaa. Langu mara nyingi halijai.

Mama huja kunitembelea akileta unga wa ulezi, anakaa kwenye benchi kimya. Mwezi uliopita alikuwepo nilipopigiwa na mama mmoja kutoka Kasesya, anayemtafutia binti yake msuko. Nikamwelekeza kushika nywele za binti, nikasubiri. Gumba halikugusa kitu. Nikawa napiga hesabu.

Pale kwenye benchi mama yangu akasema, taratibu, hata hakuniangalia: "Yule dada angeniambia hivyo, ningekusuka mwenyewe nyumbani. Ningekuwa pale na baba yako."

Kwenye simu yule mama wa Kasesya alikuwa akiuliza, "Haloo? Dada, kwa hiyo jumla ni shilingi ngapi?"