Mama Febronia na Meno ya Lea

Mama yangu, Febronia, alikuwa na mikono ya kunyamazisha watoto. Sisemi hivi kwa sababu ni mama yangu. Waulizeni wanawake wote waliohamishiwa pamoja nasi katika kijiji kipya, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Itigi, mwaka ule wa sabini na nne. Mtoto aliyelia tangu asubuhi, akipakatwa na Mama, angejikunja na kulala. Wengine walidai ana dawa. Hakuwa na dawa, alikuwa na subira tu, kitu ambacho mimi binti yake sikurithi hata kidogo.

Kila asubuhi kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kiligongwa, na dada yangu Marietha akabeba jembe kwenda shamba la kijiji. Asiyetokea alitajwa kwa jina mkutanoni, na hakuna aliyetaka kuitwa mvivu mbele ya wakwe zake. Binti wa Marietha, Lea, alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alibaki na Mama, akimlilia mama yake mpaka sauti inakauka.

Mama akapata njia. Shemeji yangu Alute, mume wa Marietha, alikuwa mrina asali, na nyumbani sukari ya dukani ilipokosekana, asali ilikuwapo mtungini. Mama alichovya kitambaa safi katika asali, akakitia kwanza kinywani mwake kukilainisha, kisha akampa Lea anyonye. Lea alinyamaza. Alilala nacho mchana, akalala nacho jioni, na Marietha akirudi na vumbi lake alimkuta mtoto ametulia. Alimshukuru Mama karibu kila siku. Mimi pia nilimsifu.

Lea alipokaribia miaka mitatu, meno yake ya mbele ya juu yaligeuka kahawia, kisha meusi, kisha yakakatika na kubaki visiki. Tulicheka! Tulimwita bibi kizee, naye akachekelea akionyesha visiki vyake. Jirani mmoja alipouliza, sote tulimjibu kwa mdomo mmoja kwamba hayo ni meno ya utoto, yatang'oka, yataota mengine. Sijui ni mara ngapi nimetamani kuirudisha sentensi hiyo mdomoni mwangu.

Halafu likaja gego la chini, upande wa kushoto. Lilikuwa na tundu. Lea alilia akinywa uji wa moto, alilia akinywa maji ya baridi. Mama alimsukutulisha maji ya chumvi na kumwekea karafuu. Baada ya wiki mbili hivi maumivu yakaisha yenyewe, na nyumba nzima ikafurahi. Mtoto alikula, alicheza, aliimba nyimbo za watoto wa shule ingawa hakuwa wa shule.

Mwezi uliofuata taya likavimba. Mama alimkanda kwa kitambaa cha moto siku mbili, akisema jipu likiiva litapasuka. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umevuka chini ya kidevu hadi upande wa pili, mgumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umeinuka, mate yanamtoka, na sauti yake ilitoka kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni. Alikataa kulala chali. Tulimbeba mimi, Mama na Marietha kwa zamu mpaka zahanati ya Itigi.

Mganga wa zahanati, Fabiano, alimtazama mara moja tu na uso wake ukabadilika.

"Shikamoo mama," alimwambia Mama, kisha akageuka kuandaa sindano. "Jino limeoza mpaka mzizini. Usaha umeshuka chini ya ulimi na unaelekea shingoni. Nampa penisilini, lakini hii haitatosha. Lazima afike hospitali kubwa leo hii, akapasuliwe usaha utoke, kabla hajazibwa pumzi."

"Kwa jino, mwanangu?" Mama aliuliza. "Jino la mtoto?"

"Kwa jino, mama."

Treni ya kwenda Tabora ilikuwa ya alasiri. Tulikaa kwenye ukumbi wa stesheni ya Itigi, Lea amekaa wima mapajani mwa Mama, akivuta pumzi kwa kelele. Marietha alikuwa akimpepea kwa khanga. Saa nane hivi kelele ile ikapungua, nami nikadhani, mpumbavu mimi, kwamba sindano imefanya kazi. Mama ndiye aliyejua kwanza. Hakupiga yowe. Aliendelea kumpakata na kumtikisa taratibu, vilevile alivyomtikisa siku zote, mpaka Marietha alipomnyang'anya.

Mwaka uliofuata nilikwenda kusomea uuguzi, kwa ajili ya Lea. Nilitaka kujua, na nilijua. Nilirudi likizo ya kwanza nikiwa na daftari na kiburi. Mama alikuwa akichambua karanga uani.

"Yustina," alisema bila kuinua macho, "wamewafundisha kilichomuua Lea?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ni homa. Mungu anisamehe, nilikaa mkekani na kumpa somo zima. Nilimweleza kwamba juu ya meno kuna utando laini wenye vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikipata sukari huila na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha jino kidogo kidogo. Asali nayo ni sukari, hata kama nyuki ndiye aliyeitengeneza. Mtoto akilala mate hupungua, hakuna kinachoosha, asidi inabaki palepale. Maumivu yaliyoisha ndiyo yalikuwa ya kuogopa zaidi, kwa kuwa kiini cha jino kilikuwa kimekufa na vijidudu vinashuka mfupani. Nikaongeza, bila hata kuulizwa, kwamba fizi za Mama mwenyewe zinazotoka damu ni kazi ya uchafu uleule, na kwamba vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia hata kwenye damu na kuugusa moyo.

Mama aliacha karanga.

"Na kile kitambaa," alisema, "nilichokuwa nakilainisha kwanza mdomoni mwangu?"

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilijua jibu na nilikuwa na hamu ya kujibu.

"Vijidudu hivyo mtoto hazaliwi navyo, Mama. Huvipata kwa mate ya anayemlea."

Aliitikia kwa kichwa polepole kama mwanafunzi aliyeelewa. Akanishukuru. Akasema nimesoma vizuri, kisha akarudi kwenye karanga zake. Sikumwambia kwamba sote tulicheka visiki vile. Sikumwambia kwamba hakuna mtu yeyote, serikali wala kanisa, aliyewahi kumfundisha haya. Hayo nayaandika leo, wakati hayamfai tena.

Marietha alijifungua tena miaka miwili baadaye, mtoto wa kiume, Isaka. Nilikuwapo. Siku ya arobaini alimvalisha vizuri, akamleta kwa Mama na kumwinamia ili amweke mapajani. Wanawake waliokuja walikuwa wanapiga vigelegele. Mama alirudi nyuma kwenye kigoda mpaka mgongo ukagota ukutani, akavuta khanga na kujifunika mdomo na pua.

"Pokea basi, Mama," Marietha alisema, akicheka kidogo. "Mjukuu wako analia."

Kweli mtoto alikuwa analia. Mama alimtazama kwa macho ambayo siwezi kuyaelezea, na mikono yake ikainuka nusu, kisha akaikalia.

"Mpe Yustina," alisema ndani ya khanga. "Mimi nina vijidudu."