Naogopa, Mara Kumi na Moja

Saa mbili asubuhi, Bibi Kifupi ana hasira na chai yake imepoa. Ameketi nyuma ya meza ya mbao kwenye duka lake la kuchapa barua na kutoa nakala, mkabala na geti la hospitali, waya za simu zimemning'inia masikioni. Mbele yake kuna karatasi aliyoigawa kwa rula sehemu tatu. Ya kwanza ameiandika Njia, ya pili Hofu, ya tatu Kitakachoamua.

"Mara kumi na moja," anasema bila kuinua macho. "Mwanamke mwenzangu kasema 'naogopa' mara kumi na moja, halafu mimi naletewa mstari mmoja."

Mstari wenyewe umeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Fundi amekubali kumpa mdogo wetu figo.* Umeletwa jana na kaka mkubwa wa familia moja, pamoja na kikao chao chote alichokirekodi kwenye simu. Kikao ni cha saa mbili na dakika arobaini. Anayeitwa fundi ni dada yao, mshonaji wa sare za shule. Mdogo wao wa mwisho figo zimekufa, na damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Kaka mkubwa alitaka huo mstari uchapwe vizuri, uwe nusu ukurasa, aupeleke kwa daktari Alhamisi.

Hii ndiyo kazi ya Bibi Kifupi, mwanamke mrefu kuliko mlango wake, ambaye jina hilo amepewa na wateja kwa sababu maneno yao marefu huyarudisha mafupi. Kwa miaka kumi na minne familia zinazotoka hospitalini zimemletea vikao vyao: mguu ukatwe au usikatwe, mama ahamie kwa nani, mtoto arudishwe kwa baba yake au abaki. Watu wakishalia na kugombana hadi wakachoka, hakuna anayekumbuka kilichosemwa. Kila mmoja huondoka na kikao chake kichwani.

Yeye husikiliza mara tatu. Mara ya kwanza haandiki chochote. Ya pili anatafuta njia, hata ile iliyotajwa na mtu mmoja kisha ikafunikwa na kelele. Ya tatu anafuata hofu, na kila hofu huiandika na mwenyewe. "Hofu haina 'sisi'," anasema. "Hofu ya mama ni ya mama. Ukiichanganya na ya mjomba, umewapoteza wote wawili."

Aliyenyamaza humwandikia kwamba alinyamaza. Aliyelia humwandikia kwamba alilia. Neno "amekubali" haligusi mpaka alisikie kwa mdomo wa mwenyewe.

Sheria hiyo aliipata kwa gharama. Zamani, kabla ya kufungua duka, yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kwao, na dada yake alipofiwa na mume, yeye ndiye aliyepewa daftari aandike kikao cha ukoo. Dada alilia tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi Kifupi akaandika kwamba dada hana pingamizi kuhamia na wanawe kwa wakwe. Karatasi ilipokwisha kusomwa na wazee kutia sahihi, nani angeifuta? Dada alikaa kwenye ile nyumba miaka tisa.

"Salamu tunapeana," anasema. "Lakini daftari lile lipo katikati yetu mpaka leo. Niliona aibu kuandika kwamba sijui anataka nini, basi nikamjibia."

Kwa hiyo leo anabonyeza simu, anarudi nyuma, anasikiliza tena. Fundi anaogopa kubaki na figo moja wakati presha ilimsumbua mimba zote mbili. Anaogopa kukaa wiki kadhaa bila kunyanyua jora la kitambaa, na mwenye karakana hajasema kama atamwekea nafasi yake. Zaidi ya yote anaogopa kwamba akikataa na mdogo wake akifa, yeye ndiye atakayeitwa muuaji kwenye kila msiba wa ukoo. Hilo alilisema kwa sauti ya chini. Mtu akakohoa, mwingine akaagiza chai.

Kwenye saa ya kwanza na dakika hamsini, Bibi Kifupi anasimamisha simu na kuvuta pumzi kwa nguvu. Mgonjwa anauliza kwa sauti dhaifu kama si kweli daktari alisema ndugu wote wa tumbo moja wapimwe. Kaka mkubwa anajibu, "Mimi nina majukumu," na mazungumzo yanahama.

Anaandika kwa herufi kubwa, karibu atoboe karatasi. *Njia ya tatu: kaka mkubwa apimwe. Ilitajwa. Haikujadiliwa.* Njia ya kwanza ni fundi kutoa, ya pili ni mgonjwa kuendelea na mashine. Kwenye Kitakachoamua anaandika maswali ambayo majibu yake hayakuwemo kikaoni. Vipimo vya presha ya fundi vinasemaje? Mwenye karakana anasemaje? Kaka mkubwa atapimwa lini? Na mgonjwa mwenyewe anataka nini, kwa kuwa katika saa mbili na dakika arobaini hakuna aliyemuuliza.

Saa sita anamwita fundi. Sheria yake ni kwamba mwenye mwili ndiye anayesoma kwanza, akiwa peke yake. Fundi, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kola, anasoma polepole kwa kidole. Akifika sehemu ya hofu anairudia kuisoma mara ya pili.

"Hili la msiba nilidhani hakuna aliyelisikia," anasema.

"Limesikika, mwanangu. Kama nimekosea, kata kwa mkono wako."

Hakati kitu. Anaomba kalamu, anaongeza mstari mmoja, anakunja karatasi na kumrudishia.

Kaka mkubwa anaingia saa nane, tai shingoni, anataka nusu ukurasa wake. Akiona njia ya tatu anatupa karatasi mezani. Anasema hakumlipa mtu amchunguze, na kwamba mama mchapaji ameingilia mambo ya nyumba za watu.

"Bwana, sauti ni yako," anamjibu Bibi Kifupi, na sasa hasira yote ya asubuhi inatoka, polepole, neno kwa neno. "Majukumu yako nimeyaandika. Hofu yako sikuiandika kwa sababu hukuisema. Iseme hapa nami nitaiandika karibu na ya dada yako, kwa kalamu hiihii. Lakini 'ndiyo' ambayo mwenyewe hakuisema sitaichapa. Nilishaandika moja."

Kaka mkubwa anaelekea mlangoni, anampa mgongo. Kisha anasema kwamba baba yao alifia mezani kwa daktari wa upasuaji, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa nje, ameshika viatu vya baba.

Bibi Kifupi anaiandika hiyo pia. Hamsamehe, na hasemi pole. Anaiweka mahali pake tu, chini ya hofu ya fundi, na jina la mwenyewe.

Anachotaka mwaka huu ni kuziba upande mmoja wa duka kwa mbao apate chumba chenye mlango, ili mtu anayesoma hofu zake asisome huku wateja wa nakala wakimchungulia begani. Mbao tatu ameshanunua, zimeegemezwa ukutani.

Alhamisi karatasi inaingia kwa daktari ikiwa kamili, ukurasa mmoja. Fundi anaibeba mwenyewe. Kaka mkubwa yuko nyuma yake kwenye foleni, mkono wa shati umekunjwa tayari kutolewa damu. Mstari aliouongeza fundi uko mwisho kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea chaki ya kitambaa: *Sijakubali. Sijakataa. Niulizeni mimi.*