Wizara Tano, Watu Wanane

Katibu Mkuu wa chama kidogo alikuwa amefundisha hesabu kabla ya kuingia siasa, na watu walizoea kumwita Mwalimu. Miaka ishirini na miwili chama chake kilikaa upinzani, kikipiga kelele bungeni na kurudi nyumbani mikono mitupu. Sasa chama kikubwa kilikuwa na viti themanini na vinne katika bunge la watu mia mbili, na bila kufika mia moja na moja hakingeweza kuunda serikali. Cha Mwalimu kilikuwa na ishirini na vinane. Kura ya imani ilikuwa saa nane mchana.

Asubuhi, katika chumba cha mikutano chenye feni iliyolalamika kuliko wajumbe, wakili wa chama kikubwa alisukuma karatasi mezani. Uwaziri mkuu ni wao. Kati ya wizara ishirini zilizobaki, chama kidogo kingepata tatu.

"Ishirini na nane kwa mia mbili ni asilimia kumi na nne," alisema wakili. "Tatu ni ukarimu."

Mwalimu alivua miwani. Kosa hilo aliwahi kulisahihisha kwa wino mwekundu mara elfu.

"Ndugu wakili, upinzani nao unapewa wizara? Wale themanini na nane hawamo kwenye serikali hii, wasitiwe kwenye hesabu. Sisi na ninyi ni mia moja na kumi na wawili. Sisi ni robo yao. Robo ya ishirini ni tano."

Wakili aliangalia dirishani. Mwenyekiti wa chama kidogo, mzee mwenye sauti ya kengele, akapiga meza. "Tano za nini? Bila sisi hamna serikali! Tunataka nane!"

Mwalimu alimvuta kando, hadi kwenye birika la chai. "Mzee wangu, umri wako nauheshimu, lakini mshika mawili moja humponyoka. Kile chama cha tatu kina viti ishirini. Themanini na nne na ishirini ni mia moja na nne. Wanatosha, na wataridhika na nne. Ukidai nane, wakili atavuka barabara kabla chai hii haijapoa."

"Lakini nimeshaahidi watu wanane."

"Uliahidi?"

"Kila mmoja kivyake," alisema mzee, na sauti ya kengele ikawa ya kikombe.

Hapo Mwalimu alikasirika kwelikweli, ila hakuwa na muda wa kukasirika vizuri. Alirudi mezani, akashikilia tano kama kupe, na saa tano wakili akasaini. Saa sita wabunge ishirini na wanane wakapiga kura ya siri kuchagua watano wao. Mwalimu alikuwa wa tatu. Wa sita, kwa kupungukiwa kura moja, alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mmoja wa wanne walioahidiwa na mzee wakakosa. Shemeji alitoka kwa hasira kabla matokeo hayajamalizika kusomwa.

Mwalimu alimpigia simu akiwa koridoni.

"Niachie nafasi yako, shemeji," alisema yule mtu. "Wewe huna watoto wa kujivunia mbele yao."

Neno hilo lilimchoma.

"Siachi. Nimeitafuta miaka ishirini na miwili, na wenzetu ndio walionichagua. Nikisema wizara zinafuata kura, siwezi kugeuka nikasema zinafuata ukoo. Kuna jambo jingine: tano zile zimetoka kwa watu ishirini na wanane. Wewe na wale watatu wengine waliokosa mkisusia kura ya imani, tunabaki ishirini na wanne, wakili ataanza hesabu upya, na safari hii atakuwa na haki."

Simu ilichukuliwa na mdogo wake. "Dada, nimeshawaambia watu. Nimeshawaambia hata majirani."

"Najua, mdogo wangu. Pole."

"Usije kwangu." Simu ikakatwa. Mwalimu alisimama akiishika, macho yakamlowa, kisha akajifuta kwa kiganja na kuingia ukumbini.

Saa nane, karani wa bunge alianza kuita majina. Wale watatu wengine waliokosa wizara walisema "Ndiyo" kwa sauti ya kununa. Kisha likaitwa jina la shemeji. Kiti chake kilikuwa kitupu. Karani aliita mara ya pili.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Shemeji aliingia, tai imelegea, akasimama palepale mlangoni.

"Ndiyo," alisema.

Akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, akampa Mwalimu kisogo, na karani akaita jina lililofuata.