Sauti ya Chini ya Mdogo Wangu

Siku ile tulikuwa watatu nyumbani kwetu Ng'ambo: mimi, mdogo wangu wa mwisho, na jirani yetu fundi bati. Fundi nilimwomba aache nyundo asubuhi hiyo, naye akaja mwenyewe kuona ukimya wake unatumikaje. Simuni walikuwa wawili: mwongozaji wa mchezo wa redio, kijana aliyekuwa Dar es Salaam, na mama wa Ulyankulu aliyeigiza mke mwenza.

Kazi yangu ilikuwa kuwapanga wote hao. Shule niliiacha mapema, wazazi walipofariki, lakini kupanga watu nilikuwa nimejifunza kwa wadogo zangu wanne. Simu moja ilikuwa ya kuongea na mwongozaji, na tuligawana waya wake wa masikioni, sikio moja mimi, jingine mdogo wangu. Ya pili ilikuwa imezimwa mtandao, ikirekodi tu, ndani ya hema la mablanketi. Kila mtu alipiga kofi moja mwanzoni, ili baadaye mafaili ya sauti, yetu na ya mama, yaunganishwe kwa kufuata mlio huo.

Tulikwama kwenye siri. Mke mdogo, aliyeigizwa na mdogo wangu, alipaswa kumnong'oneza mwenzake, naye hakuweza.

"Unamhutubia," mwongozaji alisema. "Ni siri, dada. Tena."

Alirudia mara sita. Kila mara mstari wa sauti kwenye kioo cha simu ya kurekodi ulipanda mpaka ukakatika juu kwa kelele.

"Amekulia jirani na nyundo," nilimtetea. "Kwetu hata chumvi inaombwa kwa kelele."

"Sasa kosa langu?" fundi aliuliza. "Mimi si nimenyamaza?"

Mwongozaji alishusha pumzi. "Dada mkubwa, faili linatakiwa leo. Ikishindikana, nampa mwingine nafasi hii."

Mdogo wangu aliinamisha uso. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu masika.

Niliingiza kichwa hemani. "Unakumbuka ulivyokuwa ukiniamsha umelowesha mkeka, wenzako wasisikie? Mwambie hivyo hivyo."

"Dada, fundi anasikia."

"Ndiyo maana sema polepole."

Alicheka, akajifuta macho, akapiga kofi. Safari hii sauti ilitoka ndogo, ya karibu, hata mama wa Ulyankulu akachelewa kujibu, kama aliyeambiwa kweli.

"Hiyo ndiyo," mwongozaji alisema. "Msijongee. Naomba sekunde kumi za ukimya wa chumba, za kuzibia mapengo."

Zilipokwisha, nikalituma faili lote, na saa moja baadaye jibu likaja: nafasi ni yake.

Fundi alisimama, akanyoosha mgongo. "Mimi nimekupa asubuhi nzima bila nyundo. Na wewe utanipa asubuhi nzima karakanani, nikigonga madebe. Ukae, usilalamike hata neno."

Nilimkubalia. Kila nikipita mlangoni kwake ananionyesha kigoda. Bado sijakaa.